Kujicheka bila kujililia

"Sina hela, sina gari, mfupi kiasi, lakini nina moyo mzuri. Kama unatafuta mwenye pesa, pita tu."

Fungua apu yoyote ya kutafuta wachumba ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, na haitachukua muda kabla hujakutana na mstari wa ukoo huu. Aliyeuandika alikusudia kuchekesha. Alitaka aonekane mtu asiyejisikia, anayeweza kujitania mbele ya watu. Msomaji, hata hivyo, hacheki. Anaona mtu aliyekwisha kukataliwa mara kadhaa na ambaye bado ana kinyongo na waliomkataa, kisha kinyongo hicho kinamwangukia yeye ambaye hajasema lolote. Anapita, kama alivyoambiwa.

Kujitania katika wasifu wa kutafuta mwenza ni jambo linalofaa, na ninaamini linastahili kufanywa vizuri. Mtu anayejicheka kwa wepesi hupunguza baridi ya kukutana na mgeni. Tatizo ni kwamba mstari mmoja unaweza kuonekana wa utani kwa mwandishi na wa kilio kwa msomaji, na mwandishi asijue tofauti iko wapi. Mimi naiona katika kazi ambayo mstari unamwachia msomaji. Utani mzuri humwachia kazi ya kucheka, kuuliza, au kuongeza lake. Mstari wenye hofu humwachia kazi ya kubembeleza: "Usijali, hela si kitu," "Mbona wewe si mfupi," "Wapo wanaopenda watu kama wewe." Mgeni asiyekujua hana sababu ya kufanya kazi hiyo, hasa akiwa kitandani saa nne usiku, kidole kikiwa tayari kuteleza kwenye picha inayofuata.

Sisi tuna mila inayoeleza jambo hili kwa undani. Mchaga na Mpare wakikutana wataanza kuchokozana kabla hata ya kuulizana habari za nyumbani, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu ni watani. Haki ya kumtania mwenzako ilikuwapo kabla yenu. Mtani anaweza kufika msibani akasema maneno ambayo mtu mwingine angefukuzwa kwa kuyasema. Kwenye apu haki hiyo haipo. Mgeni anayesoma wasifu wako hana ruhusa ya kukucheka, na akiwa mtu mwenye adabu hatathubutu. Unapojitania kwanza unampa ruhusa hiyo. Unamwambia: hapa unaweza kunigusa. Basi chagua kwa makini mahali unapomruhusu aguse, kwa sababu atagusa hapo hapo.

Kosa la mwandishi wetu wa "sina hela" ni kwamba alifungua milango yote kwa wakati mmoja: mfuko wake, kimo chake, na historia yake na wanawake. Hayo matatu ndiyo hasa wanaume wengi hupimwa nayo na kuumizwa nayo. Msomaji akikubaliana naye anamtukana, na akikanusha anamfariji. Hakuna jibu la tatu.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Elliot Aronson na wenzake wawili walifanya jaribio dogo ambalo hadi leo linatajwa kila watu wanapozungumzia makosa yanayovutia. Waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo mkanda wa mtu anayejaribiwa ili aingie kwenye timu ya chemsha bongo. Katika baadhi ya mikanda mtu huyo alijibu sawasawa asilimia 92 ya maswali, na alikuwa na rekodi nzuri ya shule. Katika mingine alipata asilimia 30 tu. Mwishoni mwa baadhi ya mikanda inasikika purukushani, kiti kinasogea, na mtu huyo anasikika akilalamika kwamba amejimwagia kahawa kwenye suti yake mpya. Yule hodari alipojimwagia kahawa alipendwa zaidi kuliko asipojimwagia. Yule wa asilimia 30 alipojimwagia alipendwa kidogo zaidi ya hapo? Hapana, alishuka. Kahawa ilikuwa ile ile, suti ile ile, na kilichobadilika ni kile ambacho wasikilizaji walikuwa wamekwisha kukijua juu ya mtu huyo kabla kikombe hakijapinduka.

Mwaka 2008 Gil Greengross na Geoffrey Miller, huko New Mexico, walichapisha utafiti uliokaribia zaidi suala letu, kwa sababu wao walipima mvuto wa kimapenzi. Kujitania kuliongeza mvuto wa uhusiano wa kudumu kwa wale walioelezwa kuwa na hadhi ya juu, wanaume kwa wanawake. Kwa wenye hadhi ya chini faida hiyo haikuonekana. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa Marekani, na sitaki kuyahamishia matokeo yao Kigamboni bila kupunguza chumvi. Lakini mwelekeo ni ule ule wa kahawa na suti: kuteleza hupendeza pale ambapo msomaji amekwisha kuona kwamba miguu yako ina nguvu.

Nisieleweke kwamba utani huu ni wa wenye shahada na vyeo. Nguvu inayotakiwa ni jambo moja unaloliweza kweli, na kila mtu mzima analo. Dereva wa lori anaweza kuandika: "Nafika Lubumbashi bila kuuliza njia. Kariakoo bado napotea." Mtu aliyeshika usukani kutoka bandari ya Dar es Salaam, akapita Tunduma na kuikata Zambia hadi Kongo, hahitaji kutuambia kwamba ni mchapakazi au jasiri. Tumekwisha kuona. Kwa hiyo anapopotea kwenye vichochoro vya Kariakoo tunacheka naye, maana sote tumewahi kupotea pale.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi tangu mwanzo. Mwalimu wa hisabati wa sekondari, Morogoro, umri miaka 34. Ni mtu mwenye heshima zake, ana marafiki wa kutosha, na kila Jumapili asubuhi husimama golini katika timu ya maveterani wa mtaani kwake. Timu hufungwa mara nyingi. Anataka kuandika kitu chepesi.

Jaribio lake la kwanza linaweza kuwa hivi: "Mwalimu tu, mshahara wenyewe mnaujua, sijui hata niandike nini hapa 😂😂😂." Hapa kuna mambo matatu ya kutazama. Neno "tu" linaidharau kazi ambayo yeye mwenyewe anaipenda, na msomaji ambaye ni mwalimu au ana mama mwalimu atajisikia vibaya. Mshahara unaleta habari ya pesa mezani kabla ya salamu. Halafu nyuso tatu zinazolia kwa kicheko zinacheka badala ya msomaji, maana mwandishi hana hakika kama kuna atakayecheka.

Jaribio la pili, baada ya kuambiwa asijishushe, linaangukia upande wa pili: "Mwalimu, mcheshi, mcha Mungu, napenda kusafiri na muziki mzuri." Hofu imeondoka, na mtu pia ameondoka naye. Mstari huu unaweza kuwa wa yeyote. Na mtu akisema yeye ni mcheshi, msomaji husubiri kichekesho kisichofika.

Sasa aende kwenye mambo yenyewe ya maisha yake, ayaweke mezani bila kuyapamba. Anafundisha hisabati. Anadaka. Wanafungwa. Kati ya mambo haya kuna mgongano wa kuchekesha ambao hauhitaji kubuniwa: mtu wa hesabu, na mabao mengi ya kuhesabu. Anaandika: "Nafundisha hisabati, na Jumapili ni golikipa, lakini mimi ni golikipa mbaya sana, tunafungwa mabao mengi mpaka nashindwa kuhesabu." Imekaribia. Inachosha kwa sababu inatueleza kicheko badala ya kutuachia, na "mbaya sana" ni hukumu ambayo msomaji angeifikia mwenyewe.

Akate, apange upya: "Siku za kazi nafundisha hisabati. Jumapili ni golikipa wa maveterani, na kazi ya kuhesabu mabao kapewa mtu mwingine."

Haifiki hata herufi 120. Tinder huruhusu herufi 500 katika wasifu, Bumble 300, na kila jibu la Hinge ni herufi 150, kwa hiyo mstari huu unaenea kote, na kwenye Tinder inabaki nafasi kubwa ya maneno ya kawaida. Lakini angalia unavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza imesimama wima: ana kazi, anaitaja bila kuomba radhi. Ya pili inaonyesha kwamba ana wenzake, anatoka nje, ana mazoea ya Jumapili. Kicheko kimewekwa mwisho kabisa, na hakitaji kushindwa kwa jina. Msomaji ndiye anayegundua kwamba mabao ni mengi, au kwamba mwalimu aliwahi kuyapunguza. Na swali la kumwuliza limekwisha kujitengeneza: mlifungwa ngapi wiki iliyopita?

Mpangilio huo, uwezo kwanza na kuteleza baadaye, si wa kuchezea. Nichukue mfamasia wa Mombasa anayeandika: "Nasoma mwandiko wa daktari yeyote Mombasa hii. Wangu mwenyewe unanishinda." Nadhani ni mstari mzuri sana. Sasa ugeuze: "Mwandiko wangu mwenyewe unanishinda, lakini naweza kusoma mwandiko wa daktari yeyote Mombasa hii." Maneno ni karibu yale yale, na kicheko kimekufa. Amekiri kasoro, kisha akakimbilia kujitetea. Hiyo ndiyo sura ya "lakini nina moyo mzuri" kule mwanzoni: mtu anajipiga, kisha anajipaka dawa mbele yetu. Ukiona kwamba mstari wako unamalizikia kwenye sifa, ujue bado kuna kitu unakiombea huruma.

Kwa upande wa wanawake kuna tahadhari ya ziada, na naisema kwa sababu ushauri mwingi huipita. Mwanamume akiandika kwamba anaunguza wali, watu wanacheka. Mwanamke akiandika hivyo hivyo katika jamii zetu, atapata mahubiri kisandukuni, na wengine watajitolea kumfundisha wajibu wake. Jiko, kwa mwanamke, ni mahali anapopimwa, kama vile mfuko ulivyo kwa mwanamume. Kama hoja hiyo haikugusi kabisa na unataka kuwachuja wenye mahubiri mapema, andika, itakusaidia. Kama umechoka nayo, usiwape mlango huo. Mwandiko wa mfamasia haumpimi mtu yeyote uanamke wala uanaume wake, na ndiyo maana unachekesha pande zote.

Mwili uache kabisa. Unene, wembamba, kimo, chunusi, upara: picha zimekwisha kusema, na msomaji amekwisha kuamua kama anavutiwa. Ukianza kuutania mwili wako unamlazimisha atazame upya kile ambacho huenda hakikumsumbua. Uache pia uliyeachana naye, hata kwa kejeli ndogo, na uache ukosefu wa kazi ikiwa bado unakuuma. Vilevile usitanie kasoro inayogusa uaminifu. "Nachelewa kila mahali isipokuwa kwenye sherehe zenye pilau" ni utani. "Sijibu meseji hadi baada ya siku tatu" ni onyo, na mwenye akili atalisikiliza.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine, na hakihitaji mtaalamu. Andika mstari wako, kisha andika chini yake ujumbe wa kwanza ambao mgeni mkorofi kidogo anaweza kukutumia akikubaliana nawe. Kwa mwalimu: "Kumbe golini ni mlango wazi!" Kwa mfamasia: "Kwa hiyo hata orodha yako ya sokoni huisomi?" Wote wawili wangecheka na kujibu. Sasa fanya hivyo kwa ule wa kwanza: "Kweli bwana, huna hela na ni mfupi." Ukisoma ujumbe huo wa kubuni na kuhisi kifua kinabana hata kidogo, mstari haujaiva, au jeraha bado bichi. Hakuna ubaya kuwa na jeraha. Ila halifai kuwekwa mahali ambapo wageni wamekaribishwa kugusa.

Wanaosomea ucheshi wanaitambua tofauti hii. Rod Martin wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 2003 dodoso linalogawa ucheshi wa watu katika mitindo minne, na mmoja wao ni ule wa mtu kujidhalilisha ili akubalike na wengine. Waligundua kwamba mtindo huo huambatana na mtu kujithamini kidogo, na kuwa na wasiwasi na huzuni zaidi. Upo mtindo mwingine, wa mtu kuyatazama maisha yake kwa jicho la kuchekea hata yanapomwendea kombo, na huo huenda na hali njema. Kwa nje mitindo hii miwili inaweza kutumia maneno yanayofanana, kwa hiyo mwenye mstari ndiye anayejua ni upi. Kipimo cha ujumbe wa mgeni humsaidia ajue mapema.

Hofu pia hupenya kwenye maneno madogo ambayo mtu hayaoni akiandika. "Samahani kwa picha." "Ni rafiki yangu aliyeniingiza humu." "Labda tutaelewana." "Natania tu." Kila moja linarudisha hatua nyuma. La mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba mwandishi mwenyewe hakuamini kama ametania. Dawa ni rahisi: soma mstari wako kwa sauti, ukiwa umesimama, kama unayemwambia jirani habari ya kawaida. Maneno ya kuomba radhi hujitokeza mdomoni haraka kuliko kwenye kioo cha simu. Yafute, na usiweke kitu mahali pake.

Mshabiki wa mpira ana njia ya mkato ambayo naipenda. Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi, kwa hiyo anayeandika kwamba timu yake imemzeesha kabla ya wakati amejitania bila kujidhuru: kasoro ni ya maelfu. Hasara yake ni kwamba mistari ya namna hii imejaa kila mahali, na nusu ya wasomaji wako upande wa pili. Ukitaka kuitumia, ipe jambo lako mwenyewe, kwa mfano jezi ambayo hukuifua msimu mzima kwa kuogopa kuvunja bahati, na matokeo yaliyopatikana.

Mstari mmoja wa utani unatosha kwa wasifu mzima. Ukiweka miwili, wa pili unaanza kuuliza kama wa kwanza ulipendwa, na ukiweka mitatu msomaji haoni tena mtu nyuma ya vichekesho. Maneno yanayobaki yawe ya moja kwa moja: unaishi wapi, unafanya nini, unatafuta uhusiano wa namna gani. Mwalimu wetu anaweza kuongeza chini ya mstari wake: "Natafuta mtu wa kujenga naye familia. Niko Morogoro na sina mpango wa kuhama." Ukavu wa sentensi hizo unausaidia utani uliotangulia, kwa sababu unathibitisha kwamba anayejicheka golini anajua anachokitaka akitoka uwanjani.

Kisha ujumbe wa dada mmoja unafika: "Wiki iliyopita mlifungwa ngapi, mwalimu?" Hapa wengi huharibu walichokijenga. Wanafurahi kwamba utani umefanya kazi, wanaendelea kujipiga jumbe kumi mfululizo, na mazungumzo yanageuka tamasha la mtu mmoja. Ajibu mara moja, kwa mkato: "Saba. Mawili yalikuwa ya kuotea, ila mwamuzi ni mjomba wa mshambuliaji wao." Halafu aache golini. Kwenye picha ya pili ya dada huyo kuna baiskeli imeegemezwa kwenye mti, na kwa nyuma inaonekana milima ya Uluguru. Amuulize alipanda hadi wapi.